Kabla hujaukagua uyoga wa porini, muulize muuzaji kauchuma wapi

Mvua zikishashika kule Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mafinga na Makambako inapendeza kweli, ndoo na mabeseni ya uyoga yamepangwa pembeni, akina mama na watoto wananyanyua sahani kila gari likipunguza mwendo. Na kila mwaka wakati huohuo watu wa mjini wanaanza swali lilelile, uyoga wenye sumu unautambuaje? Kisha majibu yanamwagika, weka kitunguu saumu kwenye sufuria kikigeuka rangi mwaga, tumbukiza kijiko cha fedha, angalia kama wadudu wameutoboa maana mdudu hali sumu, mwingine anasema chemsha maji ya kwanza umwage basi umemaliza kazi.

Yote hayo hayafanyi kazi, hata moja. Konokono na funza wanakula uyoga unaoua binadamu na wao wanaendelea na maisha yao kama kawaida. Kitunguu saumu kinageuka rangi kwa sababu zake chenyewe za kikemia, hakijui kilichomo kwenye uyoga. Na sumu mbaya kuliko zote, ile inayoitwa amatoksini iliyomo kwenye baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haivunjwi na moto, haivunjwi na kukausha wala kugandisha, kwahiyo ukipika masaa mawili utakuwa umeiva tu, sumu iko palepale.

Sasa mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Mnunuzi wa barabarani hana muda wala ujuzi wa kuutambua uyoga, anachoweza kupima ni kama huyu anayemuuzia anaujua. Na ujuzi wa uyoga wa porini una kitu kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii, ni ujuzi wa mahali. Bibi aliyekulia kwenye miombo anajua uyoga wa miombo, anajua aina fulani inatoka chini ya mti gani, mvua ya ngapi, kwenye udongo gani, na alionyeshwa na mama yake ambaye naye alionyeshwa. Ukimtoa pale ukampeleka msitu wa aina nyingine, sehemu kubwa ya ujuzi ule inabaki nyumbani, maana kule kunaweza kuwa na uyoga unaofanana kabisa na ule wa kwao ila ni kitu kingine.

Na hapo Mufindi ndipo jambo hili linapokuwa zito, maana kuna miombo ya asili na pembeni yake kuna paini za kupandwa, Sao Hill peke yake ni msitu mkubwa balaa wa paini na mikaratusi. Paini si mti wa huku, ilikuja na wageni wake. Kuna uyoga unaoishi kwa kushikamana na mizizi ya mti, na miti hii ilipoletwa Afrika baadhi ya uyoga wake ilikuja nayo kwenye udongo wa miche, mmojawapo ni ule mwekundu wenye madoa meupe ambao unaonekana kwenye vitabu vya watoto, ule una sumu. Huo angalau unajitangaza wenyewe. Shida ni mwingine wa kahawia au mweupe wa chini ya paini ambao wazee hawakurithi habari zake kutoka kwa mtu yeyote, kwa sababu paini zenyewe hazikuwepo. Kwahiyo swali langu la kwanza barabarani huwa si "una sumu?", maana hakuna muuzaji atakayekujibu ndiyo. Nauliza ameuchuma wapi.

"Shikamoo mama. Huu umetoka wapi?"

"Marahaba. Huko juu, kwenye miti yetu ya asili, si kwenye paini."

Jibu kama hilo, lililokuja bila kuvutwa, linaniambia mengi. Mama mwenyewe anajua kuna tofauti, na anajua kwamba tofauti hiyo ina maana. Nikiendelea kumuuliza unaitwaje kwa kwenu na mnaupikaje, anajibu haraka kama mtu anayeulizwa habari za jikoni kwake. Lakini ukikuta kijana anasema "huu ni uyoga tu bro, unaliwa, wanaununua sana", hajui jina, hajui mti, ameletewa na mtu aliyemwachia auze, basi hata kama uyoga wenyewe ni mzuri kabisa wewe huna namna ya kujua, na yeye pia hana. Simlaumu, anatafuta riziki, ila sinunui kwake.

Hebu tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho, uyoga wa kichuguu. Huu ndio unaopendwa kuliko wote na ndio unaouzwa ghali, na ni kweli mtamu jamani, nyama yake nzito unaweza kumdanganya mgeni ni kuku. Mchwa ndio wanaoulima, huko chini ndani ya kichuguu wana bustani yao ya uyoga, mvua ikishuka uyoga unasukuma kutoka kwenye bustani hiyo mpaka juu. Kwa sababu ya safari hiyo shina lake halikomei usawa wa ardhi, linaendelea chini kama mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba, unaweza kuwa na urefu wa kiganja au zaidi sana. Na katikati ya kofia kwa juu aina nyingi zina kichongo kama chuchu, ngumu kidogo ukigusa, ndicho kilichotoboa udongo.

Upande wa pili kuna uyoga mwingine mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia, kitaalamu unaitwa Chlorophyllum molybdites, unaota kwenye nyasi za uwanjani, kwenye bustani za nyumba, pembeni ya mashamba yenye mbolea. Ukiwa mchanga ni mweupe na unapendeza, mtu asiyejua akiuona kwenye nyasi karibu na kichuguu anafurahi amepata bahati. Huu mara nyingi hauui mtu mzima ila unatesa, kuanzia saa moja mpaka tatu baada ya kula unatapika na kuharisha mpaka unaongezewa maji hospitali, kwa mtoto mdogo ni hatari zaidi. Ni miongoni mwa uyoga unaosumbua watu sana kwenye nchi za joto, si kwetu tu.

Unautofautishaje ukiwa sokoni? Shina. Wa kichuguu una ule mzizi mrefu unaochongoka, huu mwingine umeishia na kitako kilichovimba kidogo na hauna mzizi, halafu shina lake lina pete ambayo ukiishika inateleza juu na chini. Sasa ona wauzaji wanavyofanya, wengi wanakata shina ili mzigo uonekane msafi, udongo usichafue kofia, na wateja wa mjini wenyewe ndio tunapenda hivyo. Yaani tunalipa zaidi ili tuondolewe ushahidi. Mimi nauchukua ule wenye udongo, wenye mzizi wake, hata kama nitausafisha nusu saa. Muuzaji anayekuachia angalau michache mizima kwenye lundo, au ukimuuliza shina liko wapi anakutolea mawili matatu kutoka kwenye ndoo ya chini, huyo anajua kwamba shina ni kitambulisho.

Na ukifika nyumbani bado una njia moja ya kuhakiki ambayo haigharimu kitu. Chukua kofia moja iliyofunguka, ondoa shina, ilaze kifudifudi, upande wa chini uguse karatasi, nusu ya karatasi nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli uache usiku mzima. Uliobaki weka frijini. Asubuhi utakuta vumbi la uyoga limechora kama miale ya jua kwenye karatasi. Uyoga wa kichuguu unaacha vumbi la waridi hafifu, ule wa nyasi unaacha la kijani chafu, hakuna uyoga mwingine wa kawaida unaoacha kijani kile. Ukiona kijani, mwaga wote bila kujishauri. Ukiona jeupe pe, basi huo si wa kichuguu, aliyekuuzia kwa jina hilo amekosea au amekudanganya. Ila ukiona waridi usishangilie kupita kiasi, kuna uyoga mwingine wenye sumu ambao nao una vumbi la waridi, kwahiyo kipimo hiki kinaweza kukwambia "hapana", hakiwezi peke yake kukwambia "ndiyo". Waridi pamoja na mzizi mrefu pamoja na muuzaji aliyekuonyesha kichuguu kilipo, hapo nakula.

Kuna kundi moja ambalo nitasema wazi, mimi silinunui kabisa nikiwa safarini, nalo ni ule mkubwa mweupe au wa njano wenye sketi shingoni na kikombe kitakoni, yaani chini ya shina kumekaa kama ganda la yai lililopasuka. Hiyo ndiyo jamii ya Amanita. Jambo linalochanganya ni kwamba kuna Amanita za miombo zinazoliwa na zimeliwa miaka yote, Zambia wanazila, Malawi wanazila, kwetu pia zinaliwa, ipo hata moja iliyopewa jina la nchi yetu, Amanita tanzanica, nayo ni chakula. Kwahiyo kanuni ya vitabu vya Ulaya kwamba sketi na kikombe maana yake kifo, mama wa kijijini ataicheka, na ana haki ya kucheka maana ameila toka utotoni. Lakini ndugu yake wa karibu ndiye anayebeba amatoksini, na tofauti zao ni ndogo mno kwa jicho la mtu anayenunua kupitia dirisha la basi. Nikialikwa kwake, akapika yeye, akala yeye na wanae, nitakula. Kununua nikapike Dar, hapana.

Kinyume chake ni ule wa njano ya kiini cha yai au wa rangi ya chungwa, mdogo, umbo la tarumbeta, wengi barabarani wanauuza kwenye sado. Huu kwa mnunuzi mgeni ndio rahisi zaidi, kwa sababu chini ya kofia hauna zile kuta nyembamba kama kurasa za kitabu, una mikunjo butu iliyoshuka mpaka kwenye shina kana kwamba imechorwa kwenye nyama yenyewe, ukijaribu kuing'oa kwa ukucha haitoki peke yake. Uyoga huu ni wa miombo hasa, ukanda uleule unaopita Tabora na Kigoma mpaka Katanga, na Lubumbashi nako wanaupanga barabarani hivihivi msimu ukifika. Tatizo lake kubwa ni mchanga, andaa maji mengi.

Kitu kingine ninachokiangalia ni lundo lenyewe. Muuzaji makini anatenganisha, aina hii hapa, aina ile pale. Ukiona beseni moja limechanganywa uyoga wa rangi tano na ukubwa tofauti, tena mwingine umeshavunjikavunjika, hapo hata muuzaji mwaminifu kabisa hawezi kukuhakikishia, kofia moja tu mbaya iliyoingia kwenye kikapu inatosha kuharibu sufuria ya familia, maana kwenye ile jamii inayoua kofia moja inaweza kumuua mtu mzima. Na muuzaji aliyewahi kuniambia "huo wa juzi usichukue, chukua huu wa leo asubuhi" ndiye ambaye huwa namtafuta tena nikipita. Uyoga unaolika nao ukioza unakuumiza tumbo, na kesi nyingi ambazo watu wanasema "tulikula uyoga wa sumu" naamini zilikuwa uyoga mzuri uliokaa kwenye ndoo iliyofunikwa kwenye jua la saa saba.

Kuna ile tabia ya kumwambia muuzaji "kula kwanza mbele yangu". Haina maana, kwanza uyoga wa porini hauliwi mbichi, pili sumu inayoua haitoi dalili hapohapo. Inakaa kimya masaa 6 mpaka 12, wakati mwingine hata zaidi ya hapo, ndipo mtu anaanza kutapika na kuharisha vibaya. Halafu siku ya pili anapata nafuu, anakaa, anakunywa uji, ndugu wanasema imepita, kumbe ini ndio linaharibika, siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano na hali inabadilika ghafla. Kwahiyo kama dalili zimeanza usiku wa manane baada ya chakula cha mchana, ichukulie kuwa mbaya kuliko zile zilizoanza baada ya lisaa, nenda hospitali na usirudi nyumbani kwa sababu tu umepata nafuu. Ndiyo maana mimi kila ninaponunua wa porini nabakiza mmoja mzima, mbichi, na shina lake, nausokota kwenye karatasi frijini siku mbili tatu. Daktari akiwa na uyoga mkononi ana pa kuanzia.

Haya, tuje mjini kwenye uyoga wa kulimwa, maana huku maswali ni mengine kabisa. Mamama, ule mweupe au wa kijivu wenye umbo la sikio, umeota kwenye mfuko wa mabua au mapumba yaliyochemshwa kisha yakapandwa mbegu kutoka maabara. Hapa hofu ya sumu ya asili unaweza kuiweka pembeni kama kweli umelimwa, hofu inakuwa umri, uchafu na dawa.

Umri uko kwenye ukingo wa kofia. Ukiwa mchanga ukingo umejikunja kuelekea chini, ukikomaa unanyooka, ukizeeka unapinda juu na kuwa na mawimbi, unapasuka na unakauka kwa pembeni. Ukishika uwe mkavu kidogo, sio unateleza. Harufu yake ni kama mbao mbichi, ukisikia kama samaki au kama mkojo achana nao. Unaweza kukuta utando mweupe kama pamba kwenye shina au juu ya kofia, wateja wengi wanaurudisha wakidhani ni ukungu, mara nyingi ni uyoga wenyewe unaendelea kuota, hauna shida. Ukungu wa kijani au mweusi ndio wa kurudisha.

Halafu angalia paketi. Uyoga ukishachumwa bado unapumua, ukiufungia kwenye nailoni isiyo na tundu unamaliza hewa ndani, maji yanatanda, na mazingira yasiyo na hewa ndiyo wanayoyapenda bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu. Kwahiyo zile tundu ndogo kwenye paketi zimewekwa makusudi. Mkulima anayejua kazi ama anatoboa ama anatumia trei yenye karatasi, na anaweka tarehe ya kuchuma, sio tarehe ya kuisha tu. Frijini unakaa kama siku tano mpaka saba, juu ya meza kwa joto la Dar ni siku moja tu. Sasa nikikuta muuzaji wa barabarani Kariakoo ana paketi imefungwa bila tundu, ndani matone yametanda, amepanga juani toka asubuhi, nembo iwe nzuri vipi sichukui.

Swali la dawa ndilo ninalomuuliza mkulima moja kwa moja, "vijidudu bandani mnavidhibiti vipi?" Vile vinzi vidogo vyeusi haviepukiki kwenye banda la uyoga, kila mkulima anavyo. Akisema neti madirishani, mitego ya gundi ya njano, usafi wa banda, kutoa mifuko iliyochoka, huyo yuko bandani kila siku. Akisema "kwetu havipo kabisa" ama hajui ama anapuliza kitu, na uyoga hauna ganda la kumenya, ukipuliziwa umepuliziwa. Ukiweza mwombe umtembelee, au hata picha ya mifuko inayozaa leo. Mkulima halisi ana siku anakwambia "wiki hii sina, mifuko inapumzika", kwa sababu mifuko inazaa kwa mikupuo kisha inakaa. Mwenye mzigo uleule kila siku mwaka mzima ama ana mabanda mengi ama ananunua kwa wengine anauza kama wake, sio kosa ila aseme.

Wa kukausha una hesabu yake. Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji, ina maana kilo kumi mbichi zinakupa takriban kilo moja kavu. Tuseme mbichi unauzwa shilingi elfu kumi kwa kilo, basi kilo kavu kwa mkulima imeshakula uyoga wa laki moja kabla ya kaushio na mfuko. Ukiuziwa kilo kavu kwa elfu hamsini jiulize, inawezekana ni mabaki yaliyokosa soko siku ya nne yakaanikwa, inawezekana haujakauka vizuri na unanunua maji. Uvunje, wa kukauka vizuri unakatika na kutoa sauti, ukipinda kama ngozi bado una unyevu na ukungu utauanza ndani ya mfuko.

Unga ndio mgumu zaidi maana hauna umbo tena. Kama ni wa kiwandani tafuta alama ya TBS, ambao ndio wanaosimamia chakula toka 2019 majukumu yalipohamishwa kutoka TFDA, na usichanganye alama hiyo na ile mistari ya kupigia bei ambayo haisemi lolote kuhusu ubora. Nyumbani unaweza kudondosha tone la iodini ya duka la dawa kwenye unga kidogo uliolowanishwa, ukigeuka bluu nyeusi kuna wanga mle, mahindi au muhogo, kwa sababu uyoga wenyewe hauna wanga wa namna hiyo. Haitakwambia kama kuna uyoga mwingine umechanganywa, na kwa sababu hiyo unga wa uyoga wa porini, au ule wa porini uliokatwakatwa vipande na kukaushwa ukaletwa mjini kwenye gunia, mimi nanunua kwa mtu mmoja tu ninayemjua kijiji chake, tena naagiza anikaushie mzima na shina lake, anacheka ananiongezea bei kidogo kwa usumbufu.